Isome operoni ya lac mezani: polimerasi inaanzia wapi, ro inaikatiza wapi

Karibuni tena mezani, ndugu zangu. Leo mnahitaji ukanda wa karatasi ya miraba, kalamu nyekundu na ya bluu, ganda tupu la kiberiti, waya laini, kamba ya mita 5, vibanio vya nguo kama ishirini, na pete moja ya pazia. Ukanda wenye herufi zilizokwisha kuchapwa ninauuza mimi mwenyewe, ila wa kuandika kwa mkono unafaa vilevile. Tena anayeandika kwa mkono hujifunza zaidi.

Andikeni hivi, herufi moja kila mraba, bila kuacha nafasi:

```
CCAGGCTTTACACTTTATGCTTCCGGCTCGTATGTTGTGTGGAATTGTGAGCGGATAACAATTTC
```

Huu ni mlango wa operoni ya lac ya bakteria E. koli, yaani zile jeni tatu za kula laktosi. Tumeandika uzi mmoja tu wa DNA, ule unaofanana na RNA itakayotoka. Shikeni hilo, tutalirudia.

Ganda la kiberiti ndilo RNA polimerasi. Pitisheni ukanda ndani yake. Mnaona linavyoteleza? Halisimami popote. Polimerasi ikiwa peke yake iko hivyohivyo: inajua kutengeneza RNA, ila haijui mahali pa kuanzia. Kinachoijulisha ni protini iitwayo sigma. Mwaka 1969 watafiti waliipitisha polimerasi ya E. koli kwenye safu ya fosfoselulosi, ikatoka imechujwa vizuri kabisa, lakini ikawa karibu haiwezi tena kunakili DNA ya kirusi T4. Waliporudisha kipande kilichokuwa kimebanduka, kazi ikarudi. Kipande hicho ndicho sigma.

Sasa kunjeni waya uwe na miguu miwili, muubandike juu ya kiberiti. Mguu mmoja unatafuta TTGACA, tunauita wa -35, yaani herufi kama 35 kabla ya mahali RNA inapoanzia. Wa pili unatafuta TATAAT, huo ni wa -10. Katikati ya miguu kuna besi 17, yaani herufi 17; moja zaidi au moja pungufu bado inawezekana, ingawa inadhoofisha. Miguu haitanuki ovyo, ndiyo maana nimetumia waya na sikutumia uzi.

Haya, kalamu nyekundu. Tafuteni kitu kinachokaribia TTGACA. Kiko mapema, herufi ya saba: TTTACA. Tano kati ya sita zimelingana. Zungusheni.

Sasa -10. Hapa polepole. Naomba mtulie hapa. Ukikimbilia kutafuta herufi zinazofanana na TATAAT utaona GATAAC kule kulia, imekaa vizuri, ATAA yote imo, nne kati ya sita. Mimi niliizungusha hiyo mbele ya darasa, nikaanza kuhesabu RNA kutoka hapo, na saa nzima ya kipindi ikaenda kombo. Msiizungushe. Kwanza hesabuni kutoka pale palipo nyekundu.

Hesabu inaanza baada ya A ya mwisho ya TTTACA. Herufi za duara zenyewe hazihesabiwi. C, T, T, T, A, T, G, C, T, T, hizo kumi. C, C, G, G, C, T, C, G, kumi na nane. Kisha inaingia TATGTT. Hiyo ndiyo -10 yetu. Nayo imelingana na TATAAT kwa herufi nne, sawasawa na ile ya uongo! Kwa hiyo idadi ya kulingana haikusaidii hapa. Kuna mambo mawili yanayoamua.

La kwanza ni umbali. Kutoka GATAAC rudini nyuma besi 17. Mnaangukia TATGTT, ambayo ukiilinganisha na TTGACA imepata herufi moja tu, ya kwanza. Sogeza hadi 16 au 18, bado hakuna cha maana. Mguu wa -35 unaning'inia hewani.

La pili ni herufi zenyewe. Sigma haisomi zote sita kwa uzito mmoja. Inapofungua nyuzi mbili za DNA hunasa A ya pili na T ya sita za uzi huu tulioandika, ikazigeuza zichomoke nje na kuzitia kila moja katika kishimo chake. TATGTT ina A ya pili na T ya sita. GATAAC ina A ya pili, lakini ya sita ni C, haikai. Ile GATAAC kwa kweli ni sehemu ya mahali kinapokalia kizuizi cha lac, protini inayofunga mlango huu. Ina kazi yake, ila si hii.

Ngoja, feni imepeperusha ukanda. Nimeizima. Joto tutalivumilia.

Nilikuwa kwenye 18. Wengine mtauliza kwa nini besi moja ya ziada iwe shida. DNA imejisokota kama kamba, na kila besi unayoongeza inazungusha upande mmoja kwa digrii kama 35. Kwa hiyo mguu wa pili unasogea mbali na papo hapo unageuka pembeni kidogo. Promota ya lac, yaani mlango huu wenye -35 na -10, ina besi 18 katikati na -10 isiyo kamili, ndiyo maana ni dhaifu mpaka isaidiwe na protini ya CAP glukosi inapopungua. Mkitaka kuona hilo, futeni G na T ya katikati ya TATGTT, wekeni A na A. Inakuwa TATAAT kamili. Hiyo ndiyo lacUV5, badiliko linalotumika sana maabara, na haihitaji CAP. Mimi naipenda sana lacUV5 kwa kufundishia, maana herufi mbili tu zinaeleza kila kitu.

Kutoka mwisho wa TATGTT rukeni sita, GTGTGG. Herufi inayofuata, A, pigeni mstari wa bluu. Hiyo ni +1. RNA inaanza AAUUGUGAGCGG, na AUG ya jeni ya kwanza, lacZ, inaanzia besi ya 39, nje kidogo ya ukanda wetu. Vuteni kiberiti mbele, toeni waya. Sigma hulegea polimerasi ikishaondoka, ingawa si lazima idondoke palepale. E. koli ina sigma saba, kila moja na miguu yake. Kwenye joto la digrii 42 inaongeza ile iitwayo sigma 32, ambayo inatafuta herufi nyingine kabisa. Hizo leo tuziache.

Ukanda pembeni. Leteni kamba.

Kamba ni RNA. Mita moja ni besi 1,000. Mita 3 za mwanzo ni lacZ, ambayo ina besi 3,075. Inafuata lacY, kisha lacA, na mita 5 zimekwisha. Kiberiti kiwe kwenye ncha inayosonga mbele. Pete ya pazia ni ro.

Ro ni protini sita zilizounganika duara, ina tundu katikati, na RNA inapita kwenye tundu hilo kama kamba hii inavyopita kwenye pete. Ilitambuliwa na Jeffrey Roberts mwaka huohuo wa 1969, akifanya kazi na kirusi lambda. Inachoma ATP na kukimbia kwenye RNA kuelekea kule polimerasi iliko. Ikiifikia wakati polimerasi imetua, inaing'oa RNA na kazi inakatika. Picha za miaka ya karibuni za hadubini ya elektroni zinaonyesha kwamba ro inaweza pia kupanda juu ya polimerasi mapema na kusubiri hapo.

Lakini ili ishike, ro inataka RNA iliyo wazi, besi 70 hadi 80. Kwenye kamba yetu hiyo ni sentimita 8 hivi, upana wa kiganja. Wekeni kiganja, mwone. Tena sehemu hiyo iwe na C nyingi na G chache. Inaitwa rut, na haina tahajia maalumu kama TATAAT. Hamwezi kuitafuta kwa herufi sita. Mnahesabu C na G kwenye kila dirisha la besi 78 hivi, mnatafuta pale C zinapozidi G mfululizo. Hata hapo mmepata mshukiwa tu.

Na hapa ndipo wengi wanaharibu. Hesabuni kwenye uzi unaofanana na RNA. Ukishika uzi ule mwingine, kila C imekuwa G, na rut inageuka kuwa mahali ambapo ro haigusi kabisa. Angalieni uzi. Kabla ya kuhesabu, angalieni tena uzi.

Sasa vibanio. Kila kibanio ni ribosomu, mtambo unaosoma RNA na kutengeneza protini. Bana kimoja hapa mwanzo, sogeza, bana kingine nyuma yake. Kwenye bakteria ribosomu zinaanza kusoma RNA ikiwa bado inatoka, na zinakwenda mwendo mmoja na polimerasi. Jaribuni kutafuta kiganja kimoja cha kamba isiyo na kibanio kati ya kibanio cha mbele na kiberiti. Hakuna. Ndani ya lacZ mna mahali ambapo ro ingeweza kukatiza, na bado haikatizi, kwa sababu ribosomu zimeziba.

Sasa fungeni fundo sentimita 20 kutoka mwanzo wa lacZ. Fundo ni kodoni ya kikomo, herufi tatu zinazoiambia ribosomu iishie hapo, iliyoingia kwa badiliko. Vibanio vikifika hapo vinaanguka. Viondoeni vyote mbele ya fundo. Kiberiti kinaendelea, maana kodoni ya kikomo inasimamisha ribosomu, haisimamishi polimerasi. Rudieni nami: ribosomu tu. Kamba imebaki tupu kiganja, viwili, vitatu. Pete inaingia, inakimbia, inakuta kiberiti kimetua. Ng'oa. Samahani, kamera haijaikamata pete vizuri, naileta karibu. Hivi. Mmeona?

Sasa tazameni mbele: lacY na lacA hazijaandikwa. Badiliko liko ndani ya lacZ, hasara imefika kwenye jeni ambazo hazina kosa lolote. Hii inaitwa upola. Sogezeni fundo karibu na mwisho wa lacZ, mita 2 na nusu: kamba tupu inakuwa fupi kabla ya ribosomu kuanza upya kwenye lacY, na ro inapata nafasi ndogo. Vipimo vya miaka ya 1960 vilionyesha hivyohivyo: kodoni ya kikomo ikiwa mapema, protini za mbele hupungua zaidi.

Unajuaje kwamba ni ro na si kitu kingine? Palikuwa na mabadiliko yaliyoitwa suA. Bakteria mwenye suA na fundo lilelile la mapema hapati protini kamili ya lacZ, lakini lacY na lacA zinarudi kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1975 ikaonekana kuwa suA imo ndani ya jeni ya ro yenyewe, yaani ro ndiyo iliyoharibika. Chomoeni pete, acheni fundo mahali pake, mvute kiberiti tena. Kinafika mita 5.