Maneno yetu siku ya kuvunja kamati

(Yalisemwa na bwana harusi na bibi harusi katika kikao cha mwisho cha kamati, Kihonda, Morogoro)

Shikamooni wazazi wetu. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Mwenyekiti, Mweka Hazina, wanakamati na majirani, hatutawachosha. Siku ya harusi tulisema "asanteni nyote", tukaketi. Leo tumeona tuseme tunashukuru nini hasa, kwa sababu mengi mliyoyafanya siku ile sisi tuliyajua baadaye.

Naanza na fedha. Bajeti yetu ilikuwa shilingi 9,600,000. Ahadi zilipoorodheshwa zilifika 9,850,000, tukalala usingizi mzuri. Kumbe ahadi siyo fedha. Wiki moja kabla ya siku yenyewe, mkononi mwa Mweka Hazina zilikuwepo 6,900,000 tu, na mwenye ukumbi alitaka amaliziwe siku tatu kabla. Baba yetu Mweka Hazina hakutuambia. Alichukua daftari lake, akawapigia waahidi mmoja mmoja jioni tatu mfululizo, na hakumwaibisha mtu. Mke wake ametusimulia alivyokuwa akisema: "Nakukumbusha tu, ndugu yangu, hata nusu itatusaidia." Zikaingia 1,900,000. Zilizopungua, 800,000, Mwenyekiti akazikata kwenye bajeti: matarumbeta yakatoka, mapambo ya ukumbi yakapunguzwa. Mlifunga hesabu kwenye 8,800,000 bila deni hata la shilingi moja. Tumeanza nyumba yetu hatudaiwi. Hilo, wazee wangu, sijui tulilipeje.

Na kwa ambao hawakumaliza ahadi: hatumdai mtu. Kuna aliyeahidi laki moja akapata msiba katikati, na bado alikuja kupanga viti tangu asubuhi. Huyo ametoa. Wageni wetu wa Dar es Salaam mliopanda treni ya umeme alfajiri mkiwa na watoto, mkarudi usiku uleule, tuliwaona, na tunawashukuru.

Sasa mwenzangu ana neno lake.

Ahsante, mume wangu. Mimi nawasemea kina mama wa jikoni.

Wageni walikuwa 240. Mama Mkubwa alipiga hesabu ya mchele kilo 36 na nyama kilo 40, akagawa kwenye masufuria matatu ya kilo 12 kila moja. Mchele ulichambuliwa tangu jana yake, vitunguu saumu vikatwangwa, na saa tisa usiku moto ukawashwa uani. Saa kumi na moja mvua ikashuka kutoka Uluguru. Turubai lilifunika masufuria mawili. Kuni za sufuria la tatu zikalowa, moto ukazimika wakati maji hayajakauka.

Mimi nilikuwa nasukwa, sikujua kitu. Nimeelezwa kwamba wali wa chini ulikuwa umeshaanza kulainika, na wa juu, ukiminya punje kwa vidole, unakuta kiini kigumu katikati. Kuna aliyetaka kuongeza maji. Mama Mkubwa akakataa, akasema ukiongeza maji hapo unapata bokoboko, na ukikoroga unavunja punje zote. Jirani yetu wa ukuta wa pili akatoa gunia lake la mkaa bila kuulizwa. Wakalihamishia sufuria barazani, wakaweka moto mdogo chini, wakageuza wali mara moja tu, taratibu, kutoka pembeni kuja katikati, wakafunika, halafu wakapalia: bati juu ya mfuniko, na makaa mengi juu ya bati. Moto wa juu ndio ulioivisha ule wali wa juu na kukausha maji. Baada ya dakika arobaini punje zilikuwa zinaachana.

Mgeni gani aliyejua? Hakuna. Shangazi yangu mmoja aliomba aongezewe, akapakuliwa kutoka sufuria lilelile.

Mama Mkubwa, ulilowa mgongo mzima, ukabadilisha nguo, ukaja ukumbini kunikabidhi kwa mama mkwe wangu kana kwamba umetoka kulala. Shikamoo, mama. Sina neno jingine la kukupa.

Kina mama sita wa jikoni, kila mmoja ana doti yake ya kanga hapo mezani. Chagueni, Mama Mkubwa aanze. Jirani, mkaa wako tumeurudisha leo mchana, gunia liko nyuma ya mlango wako. Na Mweka Hazina anasema baada ya harusi zimeingia 140,000 za waliochelewa. Tunaomba msitupatie sisi. Ni za kamati, ninyi ndio mtakaosema zinakwenda wapi, kabla hatujapakua chakula.