Pesa Inayokaa Itachukuliwa: Utoto wa Uhaba na Mkono wa Mtu Mzima

Mabwana na mabibi wa Kisumu, hamjambo. Mtu aliyekulia uhaba akipata pesa leo akaimaliza leo, tunamwita mbadhirifu. Mimi naona tunakosea. Katika nyumba ambako akiba ya mtoto ilikopwa na mkubwa isirudishwe, kutumia upesi ndiyo ilikuwa njia ya kufaidi chako.

Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, uliochapishwa 2013, watoto waliahidiwa kwanza vifaa bora vya kuchora. Wengine waliletewa, wengine wakaambiwa havipo. Kisha kila mmoja akawekewa peremende: asubiri apate mbili. Waliotimiziwa ahadi walisubiri wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa, 3 tu.

Kwa hiyo dawa ni kuufundisha mkono, kwa vitendo, kwamba kilichowekwa kitakutwa. Mwaka huohuo Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walichapisha matokeo ya jaribio lao na wanachama wa vyama vya kuchangiana pesa kwa zamu hapa magharibi mwa Kenya. Kisanduku cha chuma chenye kufuli, ufunguo ukikaa kwa mwenyewe, kiliwasaidia kununua vitu vya kinga ya afya kama vyandarua. Pale ufunguo uliposhikwa na afisa hadi lengo litimie, manufaa hayo hayakuonekana, kwani watu waliogopa kufungia pesa ambayo huenda ingehitajika kesho.

Tuchukue muuza omena wa Kibuye anayebaki na faida ya shilingi 600 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Aanze na 50, tena kabla hajatoka sokoni, maana akifika nyumbani noti ina wenyewe. Shilingi 30 ziingie kisanduku cha ada, 20 cha dharura. Kwa wiki 13 atakuwa na 2,340 za ada na 1,560 za dharura. Shemeji akija na shida, jibu liko tayari: anapewa kutoka cha dharura, na kikiisha kimeisha. Bila kisanduku hicho cha pili, cha ada hakimalizi mwezi.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kuanza na 200 au 300 kwa siku. Stoku inapungua, wiki ya tatu kisanduku kinavunjwa, na lile somo la utotoni linathibitishwa upya. Ukikifungua mara mbili kwa mwezi kwa jambo lisilo lake, usijilaumu. Shusha kiasi hadi 20.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaoficha noti chini ya godoro huku mtoto akikosa viatu. Hao wawe na kisanduku cha matumizi: 100 kwa wiki, na Jumamosi lazima kiwe kitupu. Wiki za kwanza watanunua sukari na sabuni tu, na hiyo inatosha kuanzia.