Frihodi na Lisihodi: Tarehe Mbili Katika Hati Moja

Ndugu wanachama wa sako, mwenyekiti amenipa dakika chache, na nyingi nitazitumia kwa jambo ambalo nimelisema hadi sauti ikakauka: nchini Kenya, lisihodi, yaani umiliki wa ardhi kwa kipindi maalumu cha miaka, huhesabiwa tangu siku kipindi hicho kilipoanza, wala si tangu siku uliponunua.

Mteja mmoja aliniletea cheti cha ukodishaji cha nyumba ya jijini Nairobi aliyokuwa ameshalipia arubuni. Chini, karibu na muhuri, palikuwa na tarehe ya mwaka 2014, naye akahesabu miaka 99 kuanzia hapo, akaona wajukuu wake wametulia. Nilimwomba asome juu, kwenye mstari wa kipindi, ambapo paliandikwa miaka 99 kuanzia tarehe 1 Januari 1950. Kipindi hicho kinakwisha mwishoni mwa Desemba 2048. Tulikuwa Januari 2024, kwa hiyo alichokuwa akiuziwa ni miaka 25 kasoro siku chache, kwa bei ya jirani ambaye lisihodi yake imebakiza miaka 80. Tarehe ya 2014 ilikuwa ya kutolewa kwa cheti tu, kwa sababu kila ardhi inapohamishwa mnunuzi huandikiwa cheti kipya, ilhali kipindi kinaendelea kuliwa palepale kilipofikia. Benki nayo ilikataa kumkopesha kwa miaka 20, kwa kuwa hutaka kipindi kilichobaki kipite mwisho wa mkopo kwa miaka mingi.

Najua kuna anayenong'ona kwamba serikali itaongeza tu. Ni kweli kwamba sheria ya ardhi ya mwaka 2012 humpa raia mwenye lisihodi nafasi ya kwanza kipindi kinapokwisha, mradi ametimiza masharti na ardhi yenyewe haihitajiki kwa matumizi ya umma. Lakini nafasi ya kwanza si hati: utaomba, kaunti itatoa maoni, kodi ya ardhi itakadiriwa upya, na aliyekuuzia hatakuwepo kukuchangia.

Frihodi, yaani umiliki wa ardhi usio na kipindi, haina mwisho wala kodi ya ardhi ya kila mwaka kwa serikali kuu. Msichukulie, hata hivyo, kuwa mmeachiwa huru kabisa: reti, yaani kodi ya mali ya kaunti, zipo pale zinapotozwa, na shamba haliuzwi bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, hata muuzaji awe shemeji yako.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Kwa wanaonunua kupitia kampuni, Katiba ya 2010 huihesabu kampuni kuwa raia iwapo tu wenyehisa wake wote ni raia, kwa hiyo hisa moja ya mgeni hutosha kuizuia kumiliki zaidi ya lisihodi ya miaka 99. Na wa fleti, kabla ya kulipa chochote, fanyeni sachi, yaani uchunguzi wa kumbukumbu za ardhi, ya hati mama ya kiwanja, kwani kipindi cha fleti hakiwezi kupita kile cha hati hiyo.