Ripoti Moja ya Mikopo, Wasomaji Watatu

Ndugu washiriki, tuchukue mfano wa ripoti ya robo mwaka ya kampuni ya mikopo midogo, tutakayoiandika kwa matoleo matatu: la bodi, la wafanyakazi na la wateja. Hadi tarehe 30 Juni, wateja wanadaiwa jumla ya shilingi milioni 800. Mikopo yenye rejesho lililochelewa zaidi ya siku 30 ina salio la milioni 72, yaani asilimia 9. Lakini ndani ya hizo 72, milioni 20 ni salio la wateja waliolipa kwa wakati. Walilipa kwa simu, wakaandika namba ya simu penye namba ya mkopo, na fedha zao zikakwama kwenye akaunti ya muda, yanakosubiri malipo ambayo mkopo wake haujatambuliwa, huku mfumo ukiwatoza faini.

Kabla ya kuandika chochote, tengeneza jedwali moja: kila tarakimu, maana yake na tarehe yake. Hapa ndipo wengi huteleza. Milioni 72 ni salio zima la mikopo hiyo, si marejesho yaliyopitwa na muda tu. Afisa wa tawi akijumlisha marejesho peke yake atapata kiasi kidogo zaidi, kisha ataamini kwamba bodi imedanganywa.

Anza na toleo la wafanyakazi, kwa kuwa ndilo lenye kina. Lieleze kosa lilivyotokea, nani anapitia akaunti ya muda kila asubuhi, na malipo yasiyo na mwenyewe yanafuatiliwa vipi. Majina ya wateja yabaki kwenye orodha ya tawi husika. Ripoti husambazwa ovyo kwenye simu.

Toleo la bodi ni ukurasa mmoja na nusu, na sentensi ya kwanza ni ombi: bodi iidhinishe kufutwa kwa faini zilizotozwa kimakosa. Kisha eleza kwamba asilimia 9 itashuka hadi karibu 6.5 malipo yakishaingizwa. Usiifiche ile 9. Mjumbe akiikuta baadaye kwa mkaguzi, hataamini tena hata hiyo 6.5.

Mteja hana haja na asilimia. Anauliza: fedha yangu imeonekana? Nitatozwa faini? Niende wapi? Basi mwandikie hivi: “Ukilipa kwa simu, andika namba ya mkopo iliyo kwenye mkataba wako. Kama ulilipa na bado unaonekana unadaiwa, leta ujumbe wa malipo tawini.” Nusu ukurasa unatosha. Na tusiandike “wateja walikosea”: kama fomu ya malipo haikusema ni namba ipi, kosa ni letu.

Mpangilio wa kutoa ni huu: bodi kwanza, wafanyakazi siku inayofuata, wateja mwisho. Mteja akiahidiwa kufutiwa faini kabla bodi haijaidhinisha, au akafika dirishani na ujumbe wake wa malipo ilhali karani hajasoma toleo lake, atarudishwa nyumbani, na safari ijayo hatakuja kuuliza, ataacha kulipa.