Mota inapoanza, chipu inazimika: kuchagua draiva na kuweka kikomo cha mkondo

Habari za jioni, ndugu zangu. Leo nataka tukae na kigari kimoja tu mpaka tukielewe: kigari cha magurudumu manne, zile mota ndogo za njano zenye gia za plastiki, ubongo wake ESP32, draiva DRV8833, na kasha la betri nne za AA. Wengi wenu mna kama hiki mezani. Ukikishika mkononi, magurudumu yanazunguka vizuri kabisa. Ukikiweka sakafuni na kukiamuru kwenda mbele, kinashtuka, kinasimama, na kwenye skrini yanatokea maneno haya:

```
Brownout detector was triggered
```

Maana yake, volti inayoifikia chipu ilishuka kupita kiwango kinachovumilika, nayo ikajizima na kuwaka upya. Kwenye ESP32 kiwango hicho kwa kawaida ni kama volti 2.43, ingawa mtengenezaji anataka chipu isipewe chini ya volti 3.0. Programu haina kosa. Kuna watu wanaozima ulinzi huo kwa mstari mmoja wa kodi ili ujumbe usionekane. Tafadhali msifanye hivyo. Volti bado inashuka, na sasa chipu inaendelea kufanya kazi huku ikikosea hesabu, na inaweza hata kuharibu data iliyohifadhiwa.

Tuanze na sababu. Mota ikiwa imesimama ni waya uliozungushwa tu, na kinachozuia mkondo ni ukinzani wa ule waya. Ikishaanza kuzunguka inazalisha volti yake yenyewe inayopingana na ya betri, na mkondo unapungua. Kwa hiyo mkondo wa kuanzia ni sawa na mkondo wa mota iliyokwama. Mota iliyo hewani inatoka kwenye hali hiyo upesi sana, lakini ya kigari kilichobeba mzigo inachukua sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Ndiyo sababu kikiwa mkononi kinakudanganya.

Sasa tupime. Weka mita kwenye omu, shika nyaya mbili za mota, zungusha ekseli polepole, na uchukue namba ndogo kuliko zote utakazoona, kwa sababu brashi hazigusi sawasawa kila mahali. Tuseme umepata omu 4. Halafu pima betri. Kasha likiwa halina mzigo, mita inaonyesha volti 6.0. Funga rezista ya omu 10 yenye uwezo wa wati 5 kwa sekunde mbili au tatu, usome tena: 5.45. Volti 5.45 ukigawanya kwa omu 10 ni ampea 0.545. Volti zilizopotea ni 0.55, na 0.55 ukigawanya kwa 0.545 ni kama omu 1. Huo ndio ukinzani wa ndani wa betri pamoja na springi za kasha na nyaya zake. Namba hii ndiyo watu wengi hawaipimi, na ndiyo inayoamua kila kitu.

Mota mbili za kila upande zimeungwa sambamba, kwa hiyo ni omu 2. Ongeza 0.36 za mosfeti za draiva, unapata 2.36. Pande mbili kwa pamoja ni 1.18. Jumlisha na omu 1 ya betri:

```
I = 6.0 / (1.18 + 1.0) = 2.75 A
V = 6.0 - 2.75 × 1.0 = 3.25 V
```

Betri ya volti 6 imeshuka hadi 3.25. Kwenye bodi ya ESP32 kuna regyuleta, mara nyingi AMS1117, inayohitaji takriban volti 1.1 juu ya zile inazotoa. Chipu inabaki na kama volti 2.15. Ile 2.43 tumeshaipita, tena kabla ya kuhesabu mkondo wa ESP32 yenyewe, ambao waifai inapotuma unaruka ghafla.

Hapa kuna jambo linalowachanganya watu. Aliyetumia L298N kwa betri zilezile huenda hakupata tatizo hili, kisha akahamia draiva ya kisasa na kigari kikaanza kuzimika. L298N imejengwa kwa transista za zamani zinazokula volti 2 hivi au zaidi zenyewe kwenye ampea 1. Ule upotevu ulikuwa unaizuia mota isivute mkondo mwingi, kwa gharama ya joto na nguvu hafifu. Si sababu ya kuirudia. Mosfeti inampa mwenye mota karibu volti yote ya betri, basi ni juu yako kuweka kikomo mahali ambapo L298N ilikuwa inakuwekea bila kukuambia.

Kwa kazi hii DRV8833 inafaa kuliko TB6612, ambayo ni draiva nzuri lakini haina kikomo cha mkondo kinachopangwa. DRV8833 inapimia mkondo wa kila upande kupitia rezista iliyo kati ya pini yake ya kupimia na hasi. Volti kwenye rezista hiyo ikifika milivolti 200, draiva inakata na kuwasha tena kwa kasi kubwa ili mkondo usipite hapo:

```
I = 0.2 V / R
```

Rezista ya omu 0.2 inakupa ampea 1, ya omu 0.4 inakupa nusu ampea. Ila bodi nyingi za bei nafuu zimeunganisha pini hizo moja kwa moja na hasi, yaani kikomo hakipo kabisa. Mita ya kawaida haitakuonyesha tofauti ya omu 0.2 na sifuri. Tazama kwa kioo cha kukuzia: karibu na chipu unatafuta rezista mbili ndogo zilizoandikwa R200 au namba inayofanana nayo. Ukizikosa, tafuta bodi nyingine, kwani kukata njia za bodi ndogo namna ile ni kazi ya mkono mtulivu.

Je, tukiweka ampea 1 kila upande kwa betri zetu za AA? Hapa naomba twende taratibu, kwa sababu hesabu ya haraka inapotosha. Mota ikiwa imesimama na draiva inakata mkondo, betri haitoi ampea 2. Draiva inawasha kwa sehemu tu ya muda, na muda uliobaki mkondo unazunguka ndani ya mota. Kwa hiyo ukipima wakati magurudumu yameshikwa, utaona betri inavumilia, utafurahi. Lakini kadiri mota inavyopata kasi, draiva inalazimika kuwasha kwa muda mrefu zaidi ili kufikisha ampea ileile, na mkondo wa betri unapanda. Kilele kinakuja pale draiva inapokaribia kuacha kukata: betri inatoa ampea 2 kamili. Ongeza 0.25 za ESP32, volti inashuka kwa 2.25 na kubaki 3.75. Chipu inapata 2.65. Haijafika 2.43, lakini iko chini ya 3.0, na betri zikichoka kidogo tu kigari kitazimika tena. Hivyo panga kwa jumla ya vikomo vyote, usipange kwa ulichokiona gurudumu likiwa limeshikwa.

Mtu atauliza, kwani kapasita kubwa haisaidii? Kapasita ya mikrofaradi 1000 ikitoa ampea 1 inapoteza volti 1 kwa kila milisekunde. Mota inahitaji milisekunde mia na zaidi. Weka kapasita ya 470 karibu na draiva, ni muhimu kwa kulainisha ule mkato wa kasi, na nyingine karibu na ESP32 kwa miruko ya waifai, lakini usiitegemee ibebe mota.

Hesabu inatuambia betri za AA hazifai hapa. Ili regyuleta ipate volti 4.4, tunaruhusiwa kupoteza 1.6 tu, na hiyo ni betri zikiwa mpya. Weka betri mbili za lithiamu aina ya 18650 kwa mfululizo, zenye bodi ya ulinzi. Ukinzani wote, pamoja na nyaya nene kiasi, ni kama omu 0.2. Sasa ampea 2 zinashusha volti 0.4 tu. Betri zikiwa karibu kuisha, volti 6.6 inakuwa 6.2, bodi ya kushushia volti ya LM2596 inakula kama 1.5, ESP32 inabaki na 4.7 kwenye pini yake ya 5V. Inatosha.

Lakini betri yenye nguvu inaleta hatari nyingine. Zikiwa zimejaa, volti 8.4, bila kikomo kila upande ungevuta karibu ampea 3, na DRV8833 haivumilii zaidi ya 2. Hapo ESP32 haizimiki, ila kigari kinatetemeka: draiva inajikinga, inakata, inajaribu tena. Pini yake ya `nFAULT` inashuka kila inapojikinga, kwa hiyo iunganishe na ESP32 uisome. Rezista za omu 0.2 zenye uwezo wa nusu wati zinatibu hilo. Kila mota inapata nusu ampea, theluthi ya ile ingevuta ikikwama kwenye volti 6, na kwenye sakafu laini inatosha. Kwenye zulia huenda isitoshe, omu 0.15 itakupa ampea 1.33.

Kisha programu ipandishe nguvu polepole, na isipite 180 kati ya 255, kwa kuwa mota hizi ni za volti 6:

```cpp
for (int d = 60; d <= 180; d += 4) {
  ledcWrite(AIN1, d);
  ledcWrite(BIN1, d);
  delay(10);
}
```

Hiyo ni kama theluthi moja ya sekunde. Usigeuze mwelekeo ghafla: mota inayozunguka mbele ikiamriwa nyuma, volti yake inajumlika na ya betri, na mkondo unaotaka kupita unakaribia mara mbili ya ule wa kuanzia. Simamisha kwanza.

Nyaya pia. Hasi ya draiva iende moja kwa moja kwenye betri, na hasi ya ESP32 iende kwenye betri kwa waya wake. Mkondo wa mota ukipitia waya mwembamba wa ESP32 kwenye bredibodi, hesabu zote tulizofanya zinavurugika.

Ukitaka kujua kama umepona, mwanzoni mwa programu weka:

```cpp
if (esp_reset_reason() == ESP_RST_BROWNOUT)
  Serial.println("Volti ilishuka");
```

Kigari kikiendelea kuzimika, toa waya wa 5V kwenye ESP32, acha hasi ikiwa imeungwa, na uiwashe kwa USB ya kompyuta. Kuzimika kukikoma, tatizo bado liko kwenye njia ya umeme. Kusipokoma, tafuta kelele za brashi: chomelea kapasita ya nanofaradi 100 kwenye pini mbili za kila mota, kisha jaribu tena sakafuni, kikiwa na mzigo wake wote na betri zikiwa nusu.