Kazi na Chumba Baada ya Gereza: Mhadhara kwa Wasaidizi wa Kisheria, Dar es Salaam

Ndugu wasaidizi wa kisheria, nitazungumzia swali moja linalomkuta mtu aliyetoka Ukonga au Segerea mara tu anapopewa fomu ya kazi: je, umewahi kupatikana na hatia?

Wengi hudhani kwamba sheria inamkataza mwajiri kuuliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaorodhesha misingi ambayo mwajiri haruhusiwi kubagua kwayo, kama kabila, dini, jinsia, ulemavu na umri, lakini kutiwa hatiani hakumo katika orodha hiyo. Kwa hiyo msimtume mteja wenu akadai haki ambayo hataikuta kifungu chake. Mfundisheni kusoma swali lilivyoandikwa. Aliyekaa mahabusu miezi kadhaa, kisha akaachiwa huru na mahakama, hajapatikana na hatia, naye anaweza kujibu hapana bila kudanganya. Swali likiwa juu ya kukamatwa au kushtakiwa, jibu linabadilika, na hapo nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama ndiyo itakayomtetea.

Tuchukue mfano wa fundi wa kuchomelea aliyefungwa miaka 3 kwa wizi, akapunguziwa theluthi moja ya kifungo kwa mwenendo mzuri, akatoka baada ya miaka 2. Huyu alitiwa hatiani. Akificha, kisha mwajiri akataka cheti cha tabia njema, ambacho polisi hutoa baada ya kuchukua alama za vidole, uongo wenyewe unaweza kuwa sababu ya kuachishwa kazi hata kama kosa la zamani lingesamehewa. Ni afadhali aandike kosa, mwaka na tarehe ya kuachiliwa kwa sentensi mbili, asimulie kazi aliyoifanya tangu hapo, na aambatanishe barua ya mtu aliyemwona akichomelea. Karakana ndogo za mitaani, kwa maoni yangu, humpokea mapema zaidi kuliko kampuni, kwa kuwa fundi mkuu humpima kwa mageti anayoyatengeneza.

Lakini mwajiri huyohuyo atataka wadhamini na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, na barua hiyo hupatikana pale mtu anapojulikana kuwa mkazi. Ndiyo maana suala la chumba hutangulia. Mwenye nyumba kwa kawaida hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na dalali naye ana chake, fedha ambazo mfungwa aliyeachiliwa jana hana. Njia inayowezekana ni kukaa kwanza kwa ndugu, kwenda naye kwa mjumbe ajitambulishe, na kuomba barua kwa anwani hiyo. Barua huthibitisha ukazi, si historia ya mahakamani, hivyo ofisi ya mtaa ikidai maelezo ya kesi, muulizeni mtendaji kwa upole anayahitaji kwa ajili gani.