Daftari la Makosa: Mazungumzo na Watahiniwa wa Kidato cha Nne, Wete

Assalamu alaykum, wanangu. Leo tushike mtihani mmoja tu, wa Hisabati. Ni saa tatu kwa alama 100. Ukigawanya dakika 180 kwa alama hizo, swali la alama 6 linapata dakika kama 11, la alama 10 dakika 18. Basi Jumamosi chukua mtihani wa mwaka uliopita usioujua majibu yake, simu mpe mama, anza saa 2 asubuhi kama siku yenyewe.

Ikifika saa 5 piga mstari, ubadilishe kalamu, kisha umalizie yaliyobaki kwa wino mwekundu. Swali ulilolipata chini ya mstari unalijua, ila umelichelewa. Usilichanganye na lile usilolijua kabisa, maana dawa zake ni mbili tofauti.

Sasa daftari. Wengi wenu mnaandika "sikuwa makini", mnafunga. Maneno hayo hayakuambii ufanye nini kesho. Mimi nataka mstari ule ule hesabu ilipoharibika. Tazameni hii:

3 − 2(x − 5) = 7

Mwanafunzi akaandika 3 − 2x − 10 = 7, akapata x = −7. Alitakiwa aandike 3 − 2x + 10 = 7, apate x = 3. Mbele kidogo, kwenye mtihani huo huo, akaulizwa mteremko wa mstari unaopita (−1, 4) na (3, −2). Juu alipata −6, sawa. Chini, badala ya 3 − (−1) = 4, akaandika 3 − 1 = 2. Jibu likawa −3, na la kweli ni −3/2.

Angepanga daftari kwa mada, kosa moja lingekaa kwenye aljebra na jingine kwenye jiometri, akaamini ana udhaifu sehemu mbili. Kumbe kosa ni moja: akikutana na kutoa mbele ya namba hasi, alama ya pili inampotea. Kwa hiyo panga kwa chanzo. Andika swali na mwaka wake, mstari uliouandika, mstari uliotakiwa, na sababu kwa maneno yako.

Kama sababu huioni, soma taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotolewa na Baraza la Mitihani. Humo mna majibu mabovu yaliyoandikwa na watahiniwa wenyewe, na maelezo ya walipokosea. Mimi naziona zina faida kuliko vitabu vingi vya majibu, kwa sababu zinaonyesha kosa lenyewe.

Baada ya wiki, funika daftari. Badilisha namba, mathalani 4 − 3(x − 2) = 1, ulifanye upya kwenye karatasi tupu. Ukipata x = 3, weka alama ya vyema. Ukipata x = −1, kosa ni lile lile; liache wazi, ulirudie wiki ijayo kabla hujafungua mtihani mwingine.